Mkopo upimwe kwa mwaka ambao ziwa limefungwa

Mei 15 mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu, hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nia ilikuwa njema na sina ugomvi nayo. Ninachotaka kukizungumzia ni hesabu za wafanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, Katonga na Ujiji walioingia katika miezi ile wakiwa na mikopo. Mwalo ulinyamaza, chanja zikabaki tupu, lakini tarehe ya rejesho ilifika kila mwezi kama kawaida. Riba haifungwi pamoja na ziwa.

Hoja yangu ni moja. Mfanyabiashara wa Kigoma anayetaka kujua akope kiasi gani asiangalie mwaka wa kawaida, na wala asiangalie thamani ya nyumba aliyoiweka dhamana. Aangalie mwaka mbaya ambao anajua kabisa unaweza kutokea, kisha ajiulize faida ya mwaka huo italipa riba mara ngapi. Jibu la swali hilo ndilo liamue ukubwa wa mkopo. Nitaionyesha kwa biashara ya mfano, yenye tarakimu nilizozichagua ziwe rahisi kufuatilia, na ninamsihi msomaji aweke za kwake mahali pa hizi.

Chukua kampuni ndogo inayonunua dagaa wabichi mwaloni, inawaanika, inawafungasha na kuwapeleka Dar es Salaam kwa lori lake. Mali zote zinazofanya kazi, yaani lori, chanja, ghala na fedha inayozunguka kwenye dagaa wenyewe, ni shilingi milioni 200. Mauzo ya mwaka wa kawaida ni milioni 400. Katika kila shilingi 100 ya mauzo, 78 zinakwenda kwenye vitu vinavyopanda na kushuka na mauzo: bei ya dagaa, magunia, ushuru, vibarua wa kuanika, mafuta ya lori. Zinabaki 22, ambazo kwa mwaka ni milioni 88. Kisha kuna gharama zisizojali kama umeuza au hukuuza: mishahara, pango, mlinzi, bima, leseni na uchakavu wa lori na vifaa. Hizo ni milioni 48, na ndani yake uchakavu ni milioni 12. Ukitoa 48 kwenye 88 unapata milioni 40. Hiyo ndiyo faida ya uendeshaji, yaani faida kabla ya riba na kodi, na ndiyo namba itakayotuongoza hadi mwisho.

Milioni 40 kwa mali za milioni 200 ni asilimia 20. Kama fedha yote ni ya mwenye kampuni, analipa kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30 na kubaki na milioni 28, sawa na asilimia 14 ya mtaji wake.

Sasa tuseme nusu ya fedha ni ya mkopo: milioni 100 zake, milioni 100 za benki, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Wastani wa riba za mikopo nchini umekuwa ukizunguka asilimia 15, na wateja wakubwa wenye nguvu ya kujadiliana hupata pungufu ya hapo. Kwa mfanyabiashara wa kati wa mkoani, 18 si namba ya kutisha. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukulie kwanza kwamba deni linabaki vilevile mwaka mzima. Riba ni milioni 18. Faida inabaki milioni 22, kodi inachukua 6.6, mwenyewe anabaki na milioni 15.4. Kwa mtaji wake wa milioni 100 hiyo ni asilimia 15.4. Biashara ni ileile, dagaa ni walewale, lakini kila shilingi yake mwenyewe imezaa zaidi kuliko angetia zote milioni 200 kutoka mfukoni. Hapo ndipo utamu wa kukopa ulipo, nao ni wa kweli.

Lakini angalia kinachotokea mauzo yakisogea. Miezi mitatu ya ziwa kufungwa ni robo ya mwaka. Tuseme mauzo yanapungua robo, kutoka milioni 400 hadi 300. Ile 22 kwa kila 100 sasa inaleta milioni 66 tu. Gharama zisizojali mauzo zimebaki 48, maana mlinzi bado analinda na mwenye ghala bado anadai pango. Faida ya uendeshaji inashuka hadi milioni 18. Mauzo yamepungua kwa asilimia 25, faida ya uendeshaji kwa asilimia 55. Mpaka hapa benki haijahusika kabisa. Huo ni uzito wa gharama za biashara yenyewe.

Kisha inakuja riba, milioni 18. Milioni 18 toa 18 ni sifuri. Faida ya mwenye kampuni imepungua kwa asilimia 100. Yule asiyekopa, katika mwaka huohuo, angebaki na milioni 12.6 baada ya kodi, asilimia 6.3 ya mtaji wake. Si mwaka wa kujivunia, lakini anakula.

Upande wa pili nao uko hivyohivyo. Mauzo yakipanda robo, hadi milioni 500, faida ya uendeshaji inakuwa milioni 62, na aliyekopa anabaki na milioni 30.8 baada ya kodi, karibu asilimia 31 ya mtaji wake, wakati asiyekopa anapata chini kidogo ya asilimia 22. Deni limeongeza mwendo wa kwenda juu na wa kushuka kwa kiasi kilekile. Tofauti ni kwamba ukipanda hakuna anayekuja kukufungulia geti, na ukishuka yupo anayekuja na barua.

Watu wengi wanaamini mkopo ukiongezeka faida ya mwenyewe nayo lazima iongezeke. Haiko hivyo. Kuna mpaka, na unajulikana: ni pale ambapo asilimia inayozalishwa na mali inalingana na asilimia ya riba. Juu ya mpaka huo, kila shilingi ya deni inamwongezea mwenyewe. Chini yake, kila shilingi ya deni inamla. Ukiwa pale pale kwenye mpaka, deni halikupi kitu, hata likiwa kubwa kiasi gani. Kwa anayependa kuiweka kwenye jedwali la kompyuta, kabla ya kodi hesabu ni hii, ambapo M ni asilimia ya faida inayozalishwa na mali zote, R ni asilimia ya riba, D ni deni na E ni mtaji wa mwenyewe:

```
faida ya mwenyewe (%) = M + (D / E) × (M − R)
```

Jaribu kwa mkopo mkubwa zaidi. Mwenyewe ana milioni 60, anakopa 140, na kwa sababu mkopo umekuwa mzito mkopeshaji anataka asilimia 20. Riba ni milioni 28. Mwaka wa kawaida faida kabla ya kodi ni 12, baada ya kodi 8.4, na kwa mtaji wa 60 hiyo ni asilimia 14. Ni sawasawa na yule ambaye hakukopa hata senti. Mwaka wa ziwa kufungwa anapata hasara ya milioni 10, yaani sehemu ya sita ya mtaji wake imekwenda ndani ya msimu mmoja. Amejitwika hatari ya ziada, na katika mwaka wa kawaida halipwi chochote kwa kuibeba. Tena hasara hiyo imepunguza mtaji wake hadi milioni 50, kwa hiyo uwiano wa deni kwa mtaji umepanda kutoka 2.3 hadi 2.8 bila yeye kuongeza mkopo hata mmoja. Mwaka unaofuata atakwenda kwa mkopeshaji akiwa mteja mbaya zaidi kuliko alivyoondoka.

Hapa kuna jambo ambalo naliona likikosewa hata na watu wenye mahesabu mazuri. Ile asilimia 20 ni wastani wa biashara nzima. Mkopo haulipi wala haulipwi na wastani. Unalipwa na kile ulichonunua. Tuseme kabla ya mkopo mwenye kampuni alikuwa na milioni 100 zake, hana lori. Alinunua mwaloni, akaanika na kuwauzia wenye malori wanaotoka Dar, na faida yake ya uendeshaji ilikuwa milioni 26 kwa mwaka. Amekopa milioni 100, akanunua lori na kupanua ghala, na faida imepanda hadi 40. Kwenye karatasi inaonekana kampuni imekua sana. Lakini fedha ya mkopo imeleta milioni 14 za ziada na inadai riba ya milioni 18. Kabla ya kodi alikuwa anabaki na 26, sasa anabaki na 22. Amefanya kazi mara mbili, amelala usingizi nusu, na amepata pungufu.

Sababu ni ya kawaida kabisa kwa biashara ya hapa. Wavuvi wanategemea usiku wa giza, na wiki ya mbalamwezi mwalo unapoa. Lori linalojaa wakati wa giza linasimama wakati wa mwezi, na likifika Dar bila kupata mzigo wa kurudi nao, safari ya kurudi inakula faida ya kwenda. Milioni 100 za kwanza zilikwenda kwenye kazi inayolipa zaidi, yaani kununua na kuanika. Za pili zimekwenda kwenye chuma kinachofanya kazi siku chache za mwezi. Kwa hiyo kabla ya kusaini, andika kwenye karatasi faida ya mwaka bila mkopo, halafu faida ya uendeshaji pamoja na kitu kitakachonunuliwa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayolinganishwa na riba. Kama lori lingeleta milioni 25 za ziada, hesabu ingekubali. Kwa 14, kukodi lori wiki za giza ni bora, hata kama rafiki zako wote wana malori yao.

Uwezo wa kulipa riba ni hesabu fupi kuliko zote: faida ya uendeshaji gawanya kwa riba ya mwaka. Kwenye mfano wetu wa mkopo wa milioni 100, mwaka mzuri ni 62 kwa 18, karibu mara 3.4. Mwaka wa kawaida ni mara 2.2. Mwaka wa ziwa kufungwa ni mara 1 kamili. Afisa mikopo akiona 2.2 kwenye hesabu za mwaka jana anaridhika, na si kosa lake, kwa sababu ndizo hesabu alizoletewa. Kosa ni la mkopaji anayejua kwamba mwaka wa mara 1 upo na hausemi.

Ugumu wa namba hii hauko kwenye kugawanya. Uko kwenye kuwa mkweli juu ya namba zote mbili. Upande wa faida, kosa kubwa katika biashara za kifamilia ni kutojilipa. Mwenyewe anafanya kazi toka alfajiri, mke anasimamia wanaoanika, kijana anaendesha lori, na hakuna mshahara ulioandikwa. Faida inatoka kubwa. Lakini familia inakula kila siku, na fedha hiyo inatoka dukani bila kuandikwa. Weka mshahara ambao ungemlipa mtu mwingine afanye kazi hizo, kisha ndipo uite kilichobaki faida. Kosa la pili ni dagaa waliopo ghalani kuhesabiwa kwa bei ya dagaa wazuri wakati sehemu yao walinyeshewa wakiwa chanjani na wataishia kuuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku.

Upande wa riba, watu huandika ya benki peke yake. Jumlisha na ya VICOBA, ya mikopo ya kwenye simu, na ile bei ya juu unayotozwa na muuzaji wa magunia kwa sababu unachukua kwa mali kauli. Ada ya kuandaa mkopo na bima ya mkopo nazo ni gharama ya kukopa, hata kama zilikatwa siku ya kwanza na ukazisahau.

Na kuna riba inayotajwa kwa namna inayopoteza. Asilimia 18 inayokokotolewa juu ya salio linalopungua ni kitu kimoja. Asilimia 18 inayokokotolewa kila mwaka juu ya mkopo wote wa awali, hata baada ya kulipa nusu yake, ni kitu kingine. Kwa milioni 100 za miaka mitatu, ya pili inakudai riba ya milioni 54 na rejesho la karibu milioni 4.28 kwa mwezi. Ukiipima kwa salio ulilonalo mkononi kila mwezi, ni sawa na karibu asilimia 31 kwa mwaka. Mali zinazozaa asilimia 20 haziwezi kubeba fedha ya asilimia 31. Hapo deni linakula mtaji hata mwaka wa kawaida. Swali la kumuuliza mkopeshaji ni jepesi: nipe ratiba ya marejesho inayoonyesha kila mwezi kiasi gani ni riba na kiasi gani ni mkopo wenyewe. Kama riba ya mwezi wa 30 ni sawa na ya mwezi wa kwanza, umepata jibu.

Sasa nifike mahali ambapo namba ya uwezo wa kulipa riba yenyewe inaficha jambo. Inazungumzia riba tu. Rejesho lina riba na sehemu ya mkopo ndani yake, na sehemu ya mkopo hailipwi kutoka hewani.

Milioni 100 kwa asilimia 18 juu ya salio, kwa miezi 36, rejesho ni karibu milioni 3.6 kwa mwezi, milioni 43.4 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza riba ndani yake ni kama milioni 15.8, kwa hiyo uwezo wa kulipa riba katika mwaka wa kawaida ni mara 2.5, namba nzuri kabisa. Lakini fedha taslimu iliyopo ni ngapi? Chukua faida ya uendeshaji milioni 40, rudisha uchakavu wa milioni 12 kwa sababu hautoki mfukoni mwaka huo, toa kodi ya karibu milioni 7.3. Unapata kama milioni 44.7. Baada ya marejesho inabaki milioni 1.3 kwa mwaka mzima, na hapo lori halijabadilishwa tairi za ziada wala mwenyewe hajachukua gawio. Huo ni mwaka wa kawaida. Mwaka wa ziwa kufungwa fedha iliyopo ni kama milioni 29.3 dhidi ya marejesho ya 43.4. Pengo ni milioni 14, na pengo hilo ndilo linalouza lori.

Mkopo uleule, riba ileile, kwa miezi 60: rejesho ni karibu milioni 2.54 kwa mwezi, milioni 30.5 kwa mwaka. Mwaka wa kawaida fedha iliyopo ni milioni 45, inatosha na kubaki. Mwaka wa ziwa kufungwa ni kama milioni 29.7, pengo la chini ya milioni moja. Ndiyo, kwa miaka mitano utalipa riba nyingi zaidi kwa jumla. Lakini nawaona watu wakijadiliana kwa nguvu zote kupunguza riba kutoka 18 hadi 17 na kukubali miezi 36 bila neno, wakati muda ndio uliokuwa unaamua kama wataupita mwaka mbaya. Muda wa mkopo ufanane na umri wa kile ulichonunua. Lori litakalofanya kazi miaka sita halipaswi kulipiwa kwa miaka miwili, na mtaji wa kununua dagaa wa msimu haupaswi kulipiwa kwa miaka mitano. (Jirani zetu wa Urambo na Kaliua wanalijua hili kwa njia yao: anayelipwa tumbaku msimu mmoja kwa mwaka akifungwa na rejesho la kila mwezi, anakopa kwingine ili alipe.)

Basi biashara yetu ya mfano ikope ngapi? Mimi naweka kiwango cha mara 1.5 katika mwaka wa ziwa kufungwa. Mara 1 haitoshi, maana haiachi chochote cha kulipa mkopo wenyewe wala cha kukosea. Mara 3 katika mwaka mbaya ingeruhusu deni la kama milioni 33 tu. Faida ya mwaka huo ni milioni 18. Gawanya kwa 1.5, riba isizidi milioni 12. Kwa asilimia 18, deni lisizidi milioni 66 na ushee. Mwenyewe atie milioni 134, au anunue lori lililotumika, au aanze na ghala tu na lori akodi. Uwiano wa deni kwa mtaji unakuwa nusu kwa moja badala ya moja kwa moja. Faida yake mwaka wa kawaida itakuwa asilimia 14.7 ya mtaji, dhidi ya 14 bila mkopo na 15.4 kwa mkopo wa milioni 100. Anaacha chini ya pointi moja ya faida, na anapata kulala.

Nitaambiwa kwamba mkopeshaji alikuwa tayari kutoa milioni 100, hata 120, kwa sababu nyumba ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, ina thamani kubwa. Nyumba inamlinda mkopeshaji. Haimwongezei mkopaji hata kilo moja ya dagaa. Ukubwa wa dhamana unaonyesha mkopeshaji atarudishiwa fedha yake kwa njia gani mambo yakiharibika. Hauonyeshi kama yataharibika. Na nyumba ya familia isiingizwe kwenye hesabu ya mtaji wa biashara ili uwiano wa deni upendeze, kwa sababu haizalishi faida inayolipa riba.

Anayetaka kujua kama deni limeanza kumzidi asisubiri barua. Dalili ya kwanza ni rejesho kulipwa kwa fedha iliyokusudiwa kununua dagaa, hivyo giza likija ananunua kidogo kuliko mwezi uliopita. Ya pili ni kuongezewa mkopo kabla wa kwanza haujaisha, na sehemu ya fedha mpya kutumika kulipia marejesho ya zamani. Hapo deni limeacha kuzalisha na linajilisha lenyewe. Ya tatu ni kuuza dagaa kwa bei ya haraka siku mbili kabla ya tarehe ya benki. Ukiona hiyo ya kwanza, nenda kwa afisa mikopo mapema na hesabu zako mkononi uombe muda urefushwe. Mteja ambaye hajachelewa bado ana la kujadili. Akishachelewa miezi mitatu, anasikilizwa kwa namna nyingine.

Kuna hesabu moja imebaki, ya miezi yenyewe. Hata mkopo wa milioni 66 unaolipika vizuri kwa mwaka unaweza kukwama Juni, kwa sababu mwaka haulipi rejesho, mwezi ndio unaolipa. Gharama zisizojali mauzo, ukiondoa uchakavu, ni milioni 36 kwa mwaka, yaani milioni 3 kwa mwezi. Rejesho la milioni 66 kwa miezi 60 ni karibu milioni 1.7. Kwa miezi mitatu bila mauzo unahitaji kama milioni 14 taslimu kabla ziwa halijafungwa. Anayeanza kuziweka Januari ana miezi minne na nusu kufika katikati ya Mei, kwa hiyo atenge zaidi kidogo ya milioni 3 kila mwezi, na aziweke kwenye akaunti ambayo haitumiki kununulia dagaa. Njia nyingine ni kuingiza ghalani dagaa waliokauka vizuri kabla ya kufungwa na kuwauza wakati sokoni wamepungua. Inalipa, ila dagaa hao wasinunuliwe kwa mkopo mwingine, na wawe wamekauka kweli, maana wenye unyevu hawafiki Agosti.

Ya tatu ni kuomba, siku ya kusaini na si baada yake, ratiba yenye miezi ya kulipa riba peke yake pale uvuvi utakaposimamishwa. Kwa deni la milioni 66 riba ya mwezi katika mwaka wa kwanza ni chini ya milioni moja. Hitaji la miezi mitatu linashuka kutoka milioni 14 hadi kama 12. Mkopeshaji akikataa kuliandika kwenye mkataba na kusema litazungumzwa wakati ukifika, hesabu yako ibaki kwenye 14.